Miaka miwili nilikuwa nawapokonya vijana spana. Nilipoacha, aliyeanza kujifunza ni mimi

SpanaKumiNaTatu

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi magari hapa Dar, huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye fani na wa nne tangu nianze kukabidhiwa vijana. Naomba niwaeleze kilichonitokea, halafu wenye kulea watu kazini, fani yoyote ile, waongezee yao.

Mimi nilifundishwa kwa macho. Mzee aliyenilea hakuwa mtu wa maneno: ukimshikia tochi vizuri unaona anachofanya, ukiishika vibaya unafokewa na huoni kitu. Baada ya miaka mitatu mikono ilikuwa inajua kazi. Nilipopewa vijana nami nikaendelea hivyohivyo. Kijana akikwama dakika mbili namwambia "lete", nachukua spana, namalizia mwenyewe. Gari linatoka, mteja anafurahi, kijana anarudi kuosha vipuri kwa petroli. Miaka miwili ikaenda hivyo, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwachia gari nikaenda msibani.

Ikaja Noah moja. Mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na bado kila asubuhi stata ilizunguka kwa kuchoka, mara nyingine haimalizi mzunguko. Nikasema tushushe stata, brashi zimekwisha. Kijana aliyekuwa nami, mdadisi sana, akaniuliza: "Kaka, tumejuaje kama ni stata?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Nilijua ni stata kwa sababu huwa ni stata. Nilitaka kumwambia afungue tu, ila alikuwa ananitazama kwa nia ya kujifunza kabisa, nikaona aibu. Nikamwambia leta mita.

Tukang'oa rilei ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, tukapima betri ikiwa imetulia: volti 12.6, imejaa. Kijana akapiga stata mimi nasoma: kwenye vichwa vya betri, volti 11.3. Tukahamia kwenye stata yenyewe, ncha moja kwenye boliti yake kubwa na nyingine kwenye bodi la stata: volti 8.9. Yaani betri inatoa 11.3 na stata inapokea 8.9. Volti 2.4 zinapotelea njiani.

Kwa hiyo tukaitafuta njia. Ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye boliti ya stata, piga: 0.3. Upande huo mzima. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, piga: 2.1. Hapo kijana akasema mwenyewe, "Basi ugonjwa uko upande wa hasi." Tukagawanya tena. Kutoka hasi ya betri hadi bodi la gari, 0.1. Kutoka bodi hadi injini, 2.0. Kati ya bodi na injini kuna mkanda mmoja tu wa waya za kusuka. Tukaufuata kwa tochi tukaukuta chini ya giaboksi. Mtu aliwahi kushusha giaboksi, akaurudisha mkanda juu ya rangi na kutu, boliti ameikaza nusu.

Msasa, boliti mpya, dakika ishirini. Upande wa hasi ukashuka hadi 0.2 na injini ikawa inazungushwa kwa nguvu. Ile stata niliyotaka kuifungua ilikuwa nzima.

Usiku sikulala vizuri, nilikuwa nahesabu stata nilizowahi kufungua bila kupima. Na tangu siku ile nikabadilisha namna ninavyokaa na vijana. Nitaeleza nilivyofanya, ila kwanza nisikie wengine.

---

Mama_Wodini

Hongera kaka. Mimi ni muuguzi, Mwanza, nasimamia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Hilo la kupokonya nalijua vizuri. Kwetu ni kanula. Mwanafunzi anatafuta mshipa, mkono unatetemeka, mgonjwa ameshakunja uso, na vidole vyangu vinaniwasha nimpokee.

Nilichofanya ni kuweka mikono nyuma ya mgongo. Kweli kabisa, nasimama nimeishika nyuma kama mtoto mstarini. Mikono ikiwa huku nyuma, inabidi nitumie mdomo. Nikaanza kusema vitu ambavyo sikuwahi kuvisema: vuta ngozi kwa kidole gumba chini ya pale unapochoma, shusha pembe, ukiona damu imeingia kwenye kichemba usisukume sindano kwa nguvu, isogeze kidogo tu kisha telezesha plastiki peke yake. Zamani nilikuwa nasema "ingiza taratibu", na mwanafunzi hajui taratibu ni nini.

Ila kuna tofauti kati yenu na sisi. Nyie mnaweza kumwacha kijana akosee boliti. Mimi siwezi kumwacha mtu akosee kwa mgonjwa. Kwa hiyo kwanza anafanya kwenye mkono wa plastiki hadi nimwone ametulia, na kwa mgonjwa ni majaribio mawili tu, la tatu ni langu. Wanajua hivyo kabla hatujafika kitandani, kwa hiyo nikipokea hawaoni kama wamedhalilishwa.

---

FundiKasi

Mmezunguka sana na mita. Washa taa kubwa. Zikiwa kali, betri nzima, basi ni stata. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha vijana wangu, na gereji yangu inajaa. Kijana afundishwe njia fupi, mengine atayaona huko mbele.

Na kuhusu kulea, mwache aharibu. Akilipa boliti mbili tatu kwenye posho yake atajifunza haraka kuliko hotuba.

---

Dogo_wa_Vyeti

Shikamooni wakubwa. Mimi nina cheti cha ufundi magari daraja la pili, natafuta mtu wa kunilea. Nimepita gereji nne, zote wananipa kazi ya kuosha na kutumwa chai. Kaka SpanaKumiNaTatu, kama una nafasi naomba nije hata bure.

---

MzeeWaKarakana

Marahaba kijana.

Nimefundisha ufundi miaka 26 chuoni na kabla ya hapo nilikuwa karakana ya mabasi. Nianze na FundiKasi maana amesema jambo ambalo nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Taa mbili kubwa zinavuta kama ampia 10 kwa pamoja. Stata ya gari dogo inavuta zaidi ya 100. Betri iliyokwisha nguvu inaweza kuwasha taa zikawa kali na isiweze kuzungusha injini. Kwa hiyo taa kuwaka peke yake haisemi kitu. Kipimo chako kinaanza kuwa na maana ukiitazama taa wakati unapiga stata. Zikififia sana, ama betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Zikibaki kali huku stata inazunguka kwa kuchoka, hapo kweli betri iko sawa, ila bado hujathibitisha kuwa stata ni mbovu. Umethibitisha kwamba umeme haupiti ipasavyo, na inaweza kuwa waya, kama kwenye ile Noah. Wewe ungeishusha stata nzima.

Kumfundisha kijana njia fupi bila kumwambia inaishia wapi ni kumrithisha kosa lako, naye atalirithisha kwa wengine. Nimekutana na makosa chuoni ambayo ningeweza kuyafuata hadi kwa fundi mmoja aliyefariki zamani.

SpanaKumiNaTatu, nakuuliza swali moja. Baada ya kurekebisha, mlipima tena volti kwenye vichwa vya betri wakati wa kupiga stata? Mlipata ngapi?

---

SpanaKumiNaTatu

Shikamoo mzee. Umenigusa penyewe. Tulipima, tukapata 10.6. Kabla ya matengenezo ilikuwa 11.3. Kijana akaniuliza: "Kaka, mbona tumetengeneza halafu betri imeshuka zaidi?" Nikamwambia sijui, kesho nitakujibu. Hayo maneno "sijui, kesho nitakujibu" yalikuwa mazito kutoka mdomoni mwangu. Sikuwahi kumwambia hivyo mtu aliye chini yangu.

Jibu nilikuja kulipata kwa kuchora kwenye daftari. Njia ilikuwa imebanwa, stata ikawa inapata ampia chache, betri ikawa haifanyi kazi kubwa, ndiyo maana volti zake zilibaki juu. Njia ilipofunguka, stata ikavuta inavyostahili, betri ikabeba mzigo halisi, volti zikashuka. Kwa hiyo 10.6 ilikuwa habari njema. Asubuhi nilimweleza kwa kuchora chini kwa chaki, akaelewa, na mimi nikawa nimeelewa kitu nilichoishi nacho miaka kumi bila kukijua.

---

MzeeWaKarakana

Vizuri sana. Sasa mpe la pili: kwa nini betri mbili zilikufa? Oltaneta nayo imefungwa kwenye injini, na umeme wake unarudi kwa mkanda uleule. Njia ikibanwa, betri haishibi. Pungufu ni dogo kila siku, lakini betri inayoishi na njaa miezi mingi inakufa mapema. Muulize yeye, usimpe jibu. Akikujibu kwa oltaneta bila kusukumwa, ujue ameelewa. Akirudia tu maneno ya stata, amekariri.

Hicho ndicho kipimo nilichotumia chuoni miaka yote. Mtu akirekebisha gari lililopo mbele yake sijui bado kama ameelewa. Namletea ugonjwa uleule ukiwa umevaa nguo nyingine: taa ya nyuma inayofifia ukikanyaga breki, au indiketa inayowaka pamoja na taa ambayo haihusiki. Akienda moja kwa moja kutafuta upande wa hasi, basi.

---

JuaKali_Mombasa

Hamjambo. Mimi niko Mombasa, nafanya umeme wa magari. Hapa mambo ni mazuri lakini hamjagusa kidonda. Nimelea vijana wanne. Wawili wameondoka, mmoja akafungua kibanda mtaa wa pili akachukua wateja wangu watatu wakubwa, wa magari ya kubeba abiria. Nambari za simu alizipata kwangu kwa sababu nilikuwa namtuma kuwapigia. Sasa mtu akiniambia nifundishe kila kitu mpaka moyoni, namuuliza, nitakula nini?

Huyo kijana nilimpeleka NITA mwenyewe akafanya mtihani wa gredi ya tatu, nikamlipia. Sijuti kumsomesha, ila siku hizi nikifika kwenye kazi ya kupanga upya umeme wa gari zima, nafunga mlango.

---

SpanaKumiNaTatu

Kaka wa Mombasa, pole. Nami mmoja aliniondokea, na aliondoka na mteja. Sitakudanganya kwamba haikuuma.

Niseme tu hesabu yangu ilivyo. Kabla sijaanza kulea kwa dhati, gereji ilikuwa inategemea mikono yangu miwili. Magari manne kwa siku, nikiugua ni sifuri. Baada ya miezi kama minane, vijana wawili waliweza kushika gari kuanzia kulipokea hadi kulijaribu barabarani, mimi nikibaki na kupima magumu na kuongea na wateja. Mwenye gereji alipoliona hilo ndipo akanipa usimamizi. Hakunipa kwa sababu nafungua injini haraka, kuna wanaonishinda. Alinipa kwa sababu aliona nikisafiri siku tatu kazi inaendelea. Aliyeondoka na mteja alininyima mteja mmoja. Waliobaki walinipa nafasi ambayo nisingeipata nikiwa nimefunga mlango.

Lakini wewe gereji ni yako, mimi ni mwajiriwa. Huenda hesabu yako si kama yangu.

Nimalize nilichoahidi, namna ninavyofanya sasa.

Kijana hanijii tena na "kaka, gari haliwaki". Anakuja na daftari: gari linalalamika nini, anadhani ni nini, amepima nini, amepata ngapi. Asipokuwa na kipimo namrudisha, bila kumfokea. Wiki za mwanzo foleni ilirefuka, mwenye gereji akanuna. Tukakubaliana naye kwamba gari moja tu kwa siku ndilo la kujifunzia, na liwe la mteja aliyeliacha hadi jioni, si yule aliyekaa kwenye benchi anatazama saa. Hilo lilinifundisha kuomba kitu kwa bosi nikiwa na mpango mkononi. Zamani nilikuwa nakwenda na malalamiko.

Halafu kuna sehemu za "simama hapa uniite". Siziweki kila mahali. Naziweka pale ambapo ukipita huwezi kurudi kwa bei ndogo: kabla ya kulaza silinda hedi juu ya gasketi mpya, kabla ya kuwasha injini iliyofunguliwa mara ya kwanza, na breki zote kabla gurudumu halijarudi. Breki hazina majaribio, hapo nakubaliana na dada muuguzi. Katikati ya vituo hivyo simsogelei. Nakwenda kufanya kazi upande wa pili wa gereji, kwa sababu nikisimama karibu anafanya kwa kuangalia uso wangu.

Na FundiKasi, kuhusu kumkata posho akiharibu: nilifanya hivyo mara moja tu. Kijana alikaza plagi ya kumwagia oili hadi meno ya sampo yakakatika. Nikamkata. Wiki mbili baadaye nikaligundua kosa. Nilikuwa nimemwambia "kaza vizuri". Yeye ana mwili, na kwake "vizuri" ni kuchomeka bomba kwenye spana upate mkono mrefu. Injini nyingi ndogo za Toyota plagi ile inataka kama Nm 37, nati za magurudumu kama 103. Tofauti hiyo nilikuwa naijua mkononi, sikuwahi kuitia kwenye maneno. Nikamrudishia hela yake mbele ya wenzake, nikanunua spana ya kipimo, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kuitunza. Tangu pale wanaponiharibia kitu ndani ya saa ileile wananiambia. Zamani walikuwa wanaficha, na mteja ndiye aliyeniambia, kwa simu, akiwa Chalinze.

---

FundiKasi

Hapo kwa kuficha umesema kweli. Nimewahi kuletewa gari lililotoka kwangu na boliti moja ya kalipa haipo. Hakuna aliyekiri mpaka leo. Nitafikiria. Kuhusu taa bado nasema inasaidia, ila nimemwelewa mzee: niitazame wakati napiga stata.

---

IST_Nyekundu

Samahani naingilia, mimi si fundi. IST yangu asubuhi inachelewa kuwaka, stata inazunguka kwa kasi nzuri tu ila haishiki hadi mara ya tatu. Hiyo nayo ni waya wa hasi? Nianze na msasa?

---

SpanaKumiNaTatu

Hapana dada au kaka, usiguse msasa. Stata yako inazunguka kwa kasi, kwa hiyo umeme mkubwa unaifikia. Tatizo lako liko upande wa kushika moto: mafuta au cheche. Jaribu hivi: washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde tatu, zima, rudia mara mbili, ndipo upige. Ikishika mara moja, mwambie fundi wako aanze kupima presha ya mafuta, huenda inashuka usiku. Isipobadilika hujathibitisha kitu bado, apime presha hiyo pamoja na plagi na koili.

---

MzeeWaKarakana

Nina jambo moja la kukuambia, SpanaKumiNaTatu, na ulipokee kama linavyotoka kwa mtu anayekutakia mema. Nimesoma maandishi yako yote. Kuna "kijana mdadisi", kuna "mwenye mwili", kuna "aliyeondoka". Gereji yako ina vijana wangapi?

---

SpanaKumiNaTatu

Wanne kwa sasa, mzee. Watatu wa kiume na binti mmoja aliyekuja kutoka VETA mwaka jana.

---

MzeeWaKarakana

Na huyo binti anashika gari gani?

Nauliza kwa sababu hili nililifanya mimi mwenyewe miaka mingi. Mwalimu anampenda anayeuliza. Anayeuliza anamfanya mwalimu ajisikie ni mwalimu. Kwa hiyo magari mazuri yanakwenda kwake, maelezo yanakwenda kwake, na baada ya mwaka tunasema "huyu ana kipaji". Mkimya naye anashika tochi. Nilikuja kushtuka siku moja niliposahihisha mtihani wa vitendo, mwanafunzi ambaye nilikuwa silijui jina lake vizuri akawa ametafuta hitilafu zote tano nilizoficha kwenye gari, na wale wangu wawili niliowalea kama watoto wakapata tatu.

Hitilafu za kuficha nakushauri uzianze. Mtafute gari bovu lililolala hapo gereji. Toa fyuzi moja uweke iliyokatika, legeza kiunganishi kimoja, weka kipande cha karatasi chini ya mwisho wa waya wa hasi. Kila mmoja aingie peke yake, asimsikie mwenzake. Hapo hakuna mteja anayesubiri, wala mwenye sauti kubwa wa kuwafunika wengine. Wewe utajua nani anajua nini, na hicho hukijui sasa hivi. Unadhani unakijua.

---

Mama_Wodini

Mzee, ahsante. Na mimi umenifikia. Kuna mwanafunzi wangu mmoja nimembeba sana wiki hii kwa sababu anaongea. Kesho nageuza zamu.

---

JuaKali_Mombasa

Nimekaa nikafikiri. Yule aliyeniondokea ndiye niliyempendelea, kila kitu nilimpa yeye. Aliyebaki nami mwaka wa sita sasa ni yule ambaye sikuwahi kumfunza kwa makusudi, alijiokotea tu. Sijui hilo linamaanisha nini. Na mlango bado nimeufunga, sitawadanganya.

---

Dogo_wa_Vyeti

Kaka sijajibiwa.

---

SpanaKumiNaTatu

Samahani mdogo wangu, sikukupuuza. Nafasi ya tano kwa sasa hatuna na bure sipendi, mtu anayefanya kazi ale. Ila chukua hili: gereji nyingine utakayokwenda, usiombe kufundishwa. Omba gari moja bovu lililolala, na ruhusa ya kulipima jioni watu wakishafunga, na uandike ulichokuta. Mpelekee fundi hilo karatasi asubuhi. Mimi kijana akiniletea karatasi ya namna hiyo siwezi kumtuma chai. Ukikwama nitumie humu picha ya vipimo vyako, nitakujibu.

Mzee, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na jibu. Tulikuwa na Noah nyingine ya ajali imelala nyuma. Jumamosi niliweka hitilafu nne: fyuzi ya honi, kiunganishi cha sensa ya oksijeni, karatasi chini ya waya wa hasi kama ulivyosema, na rilei ya feni niliyoibadilisha na mbovu. Kila mmoja saa moja na nusu, peke yake, na mita moja.

Mdadisi wangu alipata tatu. Mwenye mwili mbili. Wa tatu mbili. Binti alipata zote nne, na karatasi aliipata ya kwanza. Nilipomuuliza amejuaje, akasema alisimama nyuma yetu siku ile ya stata ameshika tochi, akawa anahesabu namba zetu kichwani, na alijua ni upande wa hasi kabla kijana hajasema. Nikamuuliza mbona hukusema. Akajibu, "Hukuniuliza mimi, kaka."

Hapo sina cha kujitetea. Mwaka mzima nimekuwa najiona nimebadilika.

Nimempa Noah ya mteja Jumatatu, malalamiko ni betri kuisha ikilala siku mbili. Mdadisi hakupenda, nimeona usoni, na sijui bado nitaongea naye vipi bila kumvunja moyo, maana kazi yake ni nzuri kweli. Binti ameshaniambia anapotaka kuanzia: gari lizimwe, milango ifungwe, lilale karibu saa nzima, halafu apime kinachovutwa, fyuzi moja baada ya nyingine. Ameomba ufunguo wa kabati la mita ili afike kabla yetu.